Toa cha mtoto kabla ya chumvi

Katika nyumba nyingi za mijini Tanzania, mtoto akitimiza mwaka mmoja jiko huwa bado lina sufuria mbili. Kubwa ni ya familia: leo maharage, kesho samaki wa nazi, keshokutwa mchicha na dagaa. Ndogo ni ya mtoto, na yaliyomo hayajabadilika sana tangu alipokuwa na miezi saba: viazi mviringo, karoti, kipande cha nyama, kijiko cha mafuta, vyote vikasagwa kwenye blenda hadi vikawa rojo la rangi moja. Asubuhi kuna uji uliopikwa mara moja na kutiwa kwenye chupa ya chai ili unyweke mpaka alasiri. Mama anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni anaanza kwa sufuria ndogo, kisha anageukia kubwa. Penye dada wa kazi, ni dada anayebeba mzigo huo, na mara nyingi gesi au mkaa wa sufuria ndogo huisha kabla ya mwisho wa mwezi. Nadhani sufuria hii ingefaa iondoke jikoni siku mtoto anapotimiza mwaka, ikiwezekana hata kabla, na sababu kubwa kuliko uchovu wa mpishi ni kwamba inamchelewesha mtoto mwenyewe. Kinachotakiwa kubadilika ni mpangilio wa mapishi ya familia: chumvi, pilipili na vidonge vya mchuzi vije mwisho, na sehemu ya mtoto itoke kwenye sufuria kabla havijaingia.

Tuanze na tumbo lenyewe. Wataalamu wa lishe hukadiria kwamba tumbo la mtoto mdogo hubeba kiasi cha gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa mwaka mmoja mwenye kilo 9 basi hawezi kula zaidi ya gramu 270 hivi kwa mlo mmoja, kiasi kinachozidi kidogo kikombe cha mililita 250. Upande wa mahitaji, makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni kwamba mtoto wa miezi 12 hadi 23 anayenyonya kwa kiwango cha wastani anahitaji kilokalori 550 hivi kwa siku kutoka kwenye chakula, juu ya zile anazopata kwenye maziwa ya mama. Alipokuwa na miezi 6 hadi 8 alihitaji 200 tu. Mahitaji yamekuwa karibu mara tatu, lakini tumbo halijakua mara tatu, kwa hiyo chakula chenyewe ndicho kinachopaswa kuwa kizito zaidi. Sasa chukua uji wa kawaida wa mahindi, ule unaonyweka kwa kikombe. Ndani ya mililita 250 kuna unga wa vijiko viwili vya chakula hivi, gramu 20, ambazo ni kilokalori 70 na kitu. Ili afikishe 550 kwa uji huo peke yake, angelazimika kunywa karibu lita mbili kwa siku. Unga huohuo ukisongwa kuwa ugali, gramu 100 tu, tonge la ukubwa wa ngumi ndogo, zinampa kilokalori 110 hivi. Maziwa, sukari na mafuta huongeza nguvu ya uji, ni kweli, na wataalamu wa Tanzania walikwisha kuliona tatizo hili miaka ya 1980, ndipo wakafanya utafiti wa unga wa kimea, ambao huufanya uji uwe na unga mwingi na bado unyweke. Lakini mtoto anayeweza kula ugali hahitaji mbinu hiyo. Chakula kizito kiko tayari mezani, kinasubiri tu apewe.

Rojo la blenda lina kasoro hiyohiyo, maana bila maji blenda haizunguki. Kila kijiko cha maji kinachoongezwa ili kisu kizunguke kinachukua nafasi ya chakula tumboni. Kasoro yake ya pili ni kubwa zaidi: kila kitu kinakuwa na ladha moja na ulaini mmoja. Mtoto aliyekula mchicha kila siku kwa miezi mitano ndani ya rojo hajawahi kuuona mchicha, wala kuushika, wala kuusikia ukiteleza ulimini. Siku anapowekewa mchicha wa kawaida, kwake ni kitu kigeni kabisa, anautema, na watu wazima wanahitimisha kwamba hapendi mboga.

Utafiti unaotajwa sana juu ya jambo hili ulifanyika Uingereza, katika eneo la Bristol, ambako maelfu ya watoto waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 wamefuatiliwa kwa miaka mingi. Mwaka 2001 watafiti waliripoti kwamba watoto waliochelewa kupewa chakula chenye mabonge hadi baada ya miezi 10 walikuwa wasumbufu zaidi wa kula walipofika miezi 15, ukiwalinganisha na walioanza kati ya miezi 6 na 9. Mwaka 2009 walirudi kwa watoto haohao, sasa wakiwa na miaka 7, zaidi ya 7,000, wakaona waliochelewa bado walikula matunda na mboga za aina chache na wazazi wao waliripoti matatizo mengi zaidi ya ulaji. Msomaji makini atauliza: je, si huenda watoto hao walichelewa kwa sababu walikuwa wasumbufu tangu mwanzo? Swali ni la haki, na utafiti wa kufuatilia watu namna hii hauwezi kulifuta. Hata hivyo matokeo yanakwenda sawa na tunachokijua kuhusu kinywa. Kutafuna ni ufundi unaojifunzwa. Ulimi lazima ujue kusukuma chakula pembeni, taya lizoee kuzunguka badala ya kupanda na kushuka tu, na koo lipime ukubwa wa tonge kabla ya kulimeza. Rojo halidai lolote kati ya hayo. Mtoto analimeza kama anavyomeza maziwa.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapoinuka, na kwa kawaida hutolewa na bibi: mtoto hana meno. Ni kweli kwamba mtoto wa mwaka mmoja kwa kawaida ana meno machache ya mbele tu. Meno hayo yanakata, hayasagi. Magego ya kwanza hutokeza kati ya miezi 13 na 19 hivi, na ya pili huchelewa zaidi. Anayesubiri magego basi atasubiri mpaka katikati ya mwaka wa pili, na kwa wengine zaidi ya hapo. Lakini fizi za mtoto ni ngumu kuliko tunavyodhani, kama anavyojua kila mama aliyewahi kung’atwa akinyonyesha. Fizi husaga chochote kinachopondeka kwa kubanwa, na kipimo chake ni rahisi: weka kipande kati ya kidole gumba na cha shahada, ubane bila kutumia nguvu. Kikipondeka, fizi zitakiweza. Maharage yaliyoiva vizuri yanapita kipimo hicho, vivyo hivyo ndizi za kupika, kiazi kitamu, boga, wali, samaki aliyetolewa miiba na yai la kuchemsha lililokatwakatwa. Nyama ya ng’ombe ya mchuzi mara nyingi haipiti hata ikiwa laini kwa mtu mzima. Hiyo huchambuliwa nyuzinyuzi kwa vidole, nyuzi hizo zikakatwa fupifupi kwa kisu na kulowekwa kwenye mchuzi wake.

Hofu ya kukabwa na chakula ni nzito zaidi, na haifai kupuuzwa. Kuna vyakula ambavyo mtoto wa umri huu hapaswi kupewa hata kama familia nzima inakula: karanga na korosho nzima, bisi, mahindi ya kuchoma, muwa, karoti mbichi, zabibu ambazo hazijapasuliwa, pipi ngumu, na samaki mwenye miiba midogo mingi. Ugali nao una hatari yake, ambayo watu hawaitaji sana kwa sababu wanauona laini. Tonge kubwa na kavu hunata kwenye kaakaa na linaweza kuziba koo. Kwa mtoto, ugali hufinyangwa vitonge vya ukubwa wa punje ya njegere, kila kimoja kikachovywa kwenye mchuzi hadi kiteleze, na havipandi mdomoni viwili kabla cha kwanza hakijamezwa. Akae wima, asilishwe akiwa mgongoni, akitembea au akicheka, na mtu mzima awe anamtazama muda wote.

Wazazi wengi huirudia blenda siku wanapomwona mtoto anakohoa, anatoa ulimi nje, machozi yanamlengalenga, kisha anatema tonge. Hiyo mara nyingi ni kinga ya koo inayofanya kazi yake. Kwa watoto huamshwa mapema zaidi kuliko kwetu, na hufifia kadiri kinywa kinavyozoea. Maadamu anakohoa kwa sauti au analia, hewa inapita. Mwache ajikwamue, usimtie kidole mdomoni maana utalisukuma tonge ndani. Kukabwa kwenyewe kuna ukimya: halii, hakohoi, anafungua mdomo bila sauti, midomo inageuka buluu. Kwa aliyetimiza mwaka, mwinamishe kichwa kiwe chini ya kifua na umpige mara 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Chakula kisipotoka, simama au piga magoti nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu, chini ya mbavu, usukume kwa ndani na juu mara 5, kisha rudia vyote viwili kwa zamu huku mwingine akiita msaada. Kwa aliye chini ya mwaka, tumbo haliguswi. Misukumo hufanywa kifuani. Dada anayemlisha mtoto mchana anapaswa kuyajua haya kabla ya kukabidhiwa bakuli, awe analisha rojo au ugali.

Tutazame sasa chakula kimoja cha kweli, cha siku ya kawaida: ugali, maharage, mchicha na dagaa, kwa watu wazima wawili, watoto wawili wa shule na mdogo wa mwaka mmoja. Maharage yamelowekwa usiku, maji yakamwagwa, yakachemshwa kwenye maji mapya bila chumvi mpaka yapondeke kirahisi. Yanaungwa kama kawaida: kitunguu kinakaangwa, nyanya zinaiva hadi zijitenge na mafuta, kisha karoti iliyokwaruzwa, maharage na supu yake vinaingia. Tangawizi, kitunguu saumu, bizari na majani ya giligilani havimdhuru mtoto, tena ndivyo vinavyomzoesha ladha ya nyumbani kwao. Sufuria inapochemka kwa mara ya mwisho, kabla ya chumvi, upawa mmoja unatolewa na kuwekwa kwenye bakuli la mtoto. Baada ya hapo chumvi inaingia, pilipili inaingia, na hakuna mtu mzima atakayejua kwamba mpangilio umebadilika. Maharage ya bakulini yanapondwa kwa uma, nusu yawe rojo na nusu yabaki na umbo lake. Juma linalofuata robo tu ipondwe. Maganda yaliyojitenga yaondolewe mwanzoni, kwa sababu ndiyo yanayonata kooni.

Mchicha unakatwa vipande vyembamba kabla ya kupikwa, si baada, maana jani refu lililoiva ni uzi unaoning’inia nusu kooni nusu mdomoni, na ndilo linalomfanya mtoto akohoe. Katakata mara mbili, kwa kuugeuza, na familia nzima itakula hivyohivyo bila malalamiko. Ukiungwa kwa karanga zilizosagwa, mtoto anapata mafuta na protini pasipo hatari ya karanga nzima. Dagaa wa Mwanza wanatolewa vichwa, wanaoshwa kwa maji ya moto, wanakaangwa kwenye kikaango kikavu hadi wakatike kwa kuvunjwa, kisha kiganja kimoja kinatwangwa kwenye kinu kiwe unga. Unga huo ukifunikwa kwenye chombo kikavu hukaa siku kadhaa. Kijiko kimoja cha chai kilichojaa kinatosha bakuli la mtoto. Dagaa wa baharini waliochemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kama wanavyofanya Zanzibar, ni hadithi nyingine. Hao walowekwe, maji yamwagwe mara mbili, na hata hapo chumvi haiishi yote. Ugali kwa upande wake hauna shida, kwa kuwa Mtanzania hautii chumvi. Ndiyo chakula cha familia kilicho tayari kwa mtoto kuliko vyote, na bado ndicho anachonyimwa kwa muda mrefu zaidi.

Tukijumlisha, ugali gramu 100, maharage yaliyoungwa gramu 80, mchicha wa karanga vijiko viwili vya chakula na kijiko cha unga wa dagaa vinatoa takriban kilokalori 250, ndani ya gramu zisizozidi 240. Tumbo lilelile lililojazwa uji mwepesi lingepata chini ya 80. Wala si lazima amalize. Akila nusu, bado amezidi uji wa kikombe kizima.

Chumvi inastahili maelezo zaidi, kwani ndiyo inayoifanya sufuria ya familia isimfae mtoto. Waingereza wameweka kikomo cha gramu 2 kwa siku kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3, yaani kama theluthi ya kijiko cha chai kilichosawazishwa, ikihesabiwa pia ile iliyomo kwenye mkate na vyakula vya dukani. Mchuzi wetu ukishatiwa kidonge na chumvi juu yake, kikomo hicho hufikiwa haraka, kwa kuwa kiungo kikubwa ndani ya vidonge hivyo kwa kawaida ni chumvi yenyewe. Wali una ugumu wake: chumvi hutiwa kwenye maji mapema, na haitolewi tena. Njia iliyo rahisi ni kuupika bila chumvi au na kidogo sana, na kuacha mchuzi ubebe ladha. Pilau haigawanyiki hivyo, wala biriani. Siku ya pilau mtoto ale kidogo na watu wake, bila kachumbari ya pilipili, na siku nyingine mpangilio uendelee. Sheria isiyoweza kuvumilia sikukuu haitadumu nyumbani kwa mtu yeyote.

Pingamizi la tatu ni la watu wanaojua lishe, na ndilo lenye nguvu kuliko yote: je, kama chakula cha familia chenyewe ni duni? Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa, na wengi wao hawakudumaa kwa kukosa blenda. Familia inayokula ugali na matembele siku saba za juma haimsaidii mtoto kwa kumkaribisha sahanini tu. Madini ya chuma kwenye mahindi na majani hufyonzwa kidogo mno, na mtoto wa mwaka mmoja amekwisha kuimaliza akiba aliyozaliwa nayo. Sikubali, hata hivyo, kwamba jibu ni kurudisha sufuria ndogo. Pesa inayonunua nyama robo ya mtoto peke yake, au pakiti ya unga wa lishe wa dukani, inaweza kununua dagaa, mayai au maini ya kuingia kwenye sufuria ambayo na watoto wa shule na mama mjamzito watakula. Kipande cha chungwa au embe baada ya mlo husaidia chuma cha kwenye maharage kifyonzwe, na chai hufanya kinyume chake. Desturi ya kumpa mtoto chai ya maziwa pamoja na chapati asubuhi ndiyo ningeiondoa kwanza. Apewe chapati, vipande vidogo vilivyolowekwa kwenye maziwa matupu, chai wabaki nayo wakubwa. Maziwa ya ng’ombe nayo yasizidi nusu lita kwa siku. Anayeshiba maziwa hana njaa ya chakula chenye chuma.

Uji wa lishe una watetezi wengi, wale wa kuchanganya mahindi, mtama, ulezi, mchele, soya, karanga na wakati mwingine dagaa ndani ya unga mmoja. Kama kifungua kinywa, mzito wa kushikika kwenye kijiko, hauna ubaya, na familia nzima inaweza kuunywa. Tatizo ni karanga na mahindi kusagwa kwa wingi na kukaa mwezi kwenye ndoo. Mafuta ya karanga huchacha, na nafaka iliyohifadhiwa na unyevu hubeba sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mchanganyiko ukiwa wa aina saba, moja ikiwa mbovu huwezi kuionja. Unga wa aina mbili au tatu uliosagwa kwa majuma mawili tu, na karanga zilizochambuliwa kwa jicho kisha zikasagwa siku ya kupika, ni salama zaidi kuliko ndoo ya aina saba.

Halafu kuna kususa. Mtoto anawekewa ugali na maharage, anageuza uso, na mama anakimbilia kisufuria kile cha zamani kwa kuogopa atalala na njaa. Inafaa kujua kwamba ukuaji wenyewe umepungua kasi. Mwaka wa kwanza mtoto huongeza kilo 6 hivi. Wa pili huongeza 2 hadi 2.5. Hamu ya kula inashuka kwa sababu mwili umepunguza madai yake, tena inashuka katika miezi ileile tunapombadilishia chakula, kwa hiyo chakula kipya kinabeba lawama isiyo yake. Tafiti za ulaji wa watoto zinaonyesha kwamba kitu kigeni huhitaji kuonjwa mara 8 hadi 15 kabla hakijakubalika, ilhali wazazi wengi hukata tamaa baada ya mara tatu au nne. Kwenye kila mlo basi kiwepo kitu kimoja anachokijua, parachichi au kiazi kitamu kwa mfano, kando ya kile kipya. Akisusa kipya, ale anachokijua, na baada ya dakika 20 au 30 bakuli liondoke bila ugomvi. Rojo lisije baada yake. Mtoto hujifunza haraka kwamba kususa kunaleta sahani ya pili, na akishajifunza hilo kupika mara mbili kutaendelea mpaka darasa la kwanza. Kumshika pua na kummiminia mdomoni, jambo ambalo bado linafanyika, ni hatari kwa mapafu na linaharibu hamu ya kula kuliko kusubiri saa mbili. Kipimo cha kweli kiko kwenye kadi ya kliniki. Mstari wake ukiendelea kupanda, hata polepole, mlo mmoja uliosuswa hauna maana. Mstari ukilala kwa miezi miwili mfululizo, au mkanda wa mkono ukisoma chini ya sentimita 12.5, hapo si suala la mapishi tena, ni la kituo cha afya. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyezaliwa njiti, mwenye mdomo sungura, au anayekohoa kila anapomeza hata maji. Hao wanahitaji mpango wa mtaalamu.

Kinachobaki ni saa. Mtoto wa umri huu anahitaji milo mitatu au minne na kitu cha kutafuna kati yake mara moja au mbili, wakati familia nyingi za mjini hupika mara mbili tu, na chakula cha usiku huiva saa mbili au tatu, yeye akiwa amelala. Wengi huishika sufuria ndogo kwa sababu hii, zaidi ya sababu nyingine yoyote. Suluhisho ni kutanguliza sehemu ndefu ya mapishi. Maharage au nyama ichemke asubuhi au mchana, iungwe saa kumi na moja jioni, upawa wa mtoto utolewe hapohapo, na saa kumi na mbili ale na ndizi au kiazi kilichochemshwa sambamba. Ugali wa wakubwa utasongwa baadaye. Kati ya milo hakuna haja ya kuwasha jiko: ndizi mbivu, parachichi, papai, mtindi. Penye friji, sehemu ya usiku isiyo na chumvi inaingia mapema kabla haijakaa saa mbili mezani, na kesho mchana inapashwa mpaka itokote, mara moja tu, inayobaki inatupwa. Pasipo friji, kiporo cha mtoto kisilale. Apewe cha sufuria ya mchana, kilichotengwa kabla ya chumvi. Uji wa kwenye chupa ya chai nao usipite saa hizo mbili, kwa kuwa chupa inapopoa hadi kuwa vuguvugu bakteria hupata joto wanalolihitaji ili kuzaana, na kuhara kwa siku tatu hurudisha nyuma uzito ambao mtoto aliutafuta mwezi mzima.